Ofa inaisha Ijumaa, majibu ya usaili mwingine bado: naombaje kuongezewa muda?

Nuru_M
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka kidogo maana siku zinakwenda.

Leo Jumatatu nimepokea ofa ya kazi, nafasi ya mchambuzi wa takwimu. Tuwaite Kampuni A. Barua ina mshahara, tarehe ya kuanza, na chini kabisa mstari mmoja unaosema ofa itakoma Ijumaa saa 11 jioni kama hawajapata nakala iliyosainiwa. Tatizo ni kwamba Alhamisi iliyopita nilifanya usaili wa mwisho kwa Kampuni B, na waliniambia watatoa majibu "ndani ya wiki mbili".

Niseme wazi, B ndiyo ninayoitaka. Kazi yenyewe ndiyo niliyosomea, na yule mkuu wa kitengo aliyenisaili tulielewana sana. A nao si wabaya hata kidogo, mshahara wao unatosha. Mkataba wangu wa sasa unaisha mwisho wa mwezi ujao, kwa hiyo siwezi kukaa bila kitu.

Nataka kuwaomba A waniongezee muda. Nianze na nani kati ya hawa wawili? Niwaambie A ukweli kwamba nasubiri kwingine? Na niombe siku ngapi bila kuwaudhi?

Jabali
Dada, usijisumbue. Saini A leo, tulia. B wakikuita, unaandika barua ya kuacha kazi, unakwenda. Kipindi cha majaribio notisi yake huwa fupi. Kampuni nazo zinapunguza watu bila kuwaza mara mbili, kwa nini wewe uwaze?

Mtafutaji
Tarehe ya mwisho ya kutuma maombi ikipita mfumo unafunga wenyewe, hata ukiwapigia hawafungui. Tuma ulichonacho sasa hivi, vyeti vilivyobaki utavipeleka siku ya usaili.

Nuru_M
@Mtafutaji asante ndugu, ila maombi yalishapita. Hapa tayari nimepewa kazi, tarehe ninayosema ni ya kujibu ndiyo au hapana.

@Jabali nimekuelewa, lakini aliyenipa ofa amehangaika sana kunipitisha, ningependa nisaini kitu ninachokwenda kukifanya kweli.

Mama_Utumishi
Nuru mwanangu, hongera. Nimekaa kwenye ofisi za utumishi miaka mingi na barua za aina hiyo nimeziandika mwenyewe, ngoja nikueleze kilicho nyuma ya huo mstari wa Ijumaa, kwa sababu ukikielewa utajua cha kuomba.

Tunapompa mtu ofa, mara nyingi kuna mwingine aliyeshika nafasi ya pili. Huyo hatujamwambia amekosa. Tunamweka pembeni kimya, na kila siku inayopita anazidi kupoa: anapata kazi nyingine au anachoka kusubiri. Wewe ukija kukataa wiki tatu baadaye na yeye ameshaondoka, tunarudi kutangaza upya, na meneja aliyeomba mtu anatuuliza tulikuwa tunafanya nini. Tarehe ya mwisho iko pale kumlinda huyo wa pili. Ndiyo maana siku chache za kazi zaidi kwa kawaida hazina shida, hata wiki moja mara nyingi inapita. Kuanzia wiki mbili meneja anaanza kuuliza maswali, na "naomba muda zaidi" isiyo na tarehe ndiyo inayotutisha kuliko zote, maana hatujui tumshikilie yule wa pili hadi lini.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: anza na B. Usiende kwa A kabla hujasikia kwa B, kwa sababu sasa hivi huna tarehe ya kuwaomba A. "Ndani ya wiki mbili" si tarehe. Inaweza kuwa keshokutwa, inaweza kuwa wiki tatu. Waandikie B kesho asubuhi mapema, kwa yule afisa anayeshughulikia usaili, na kama una mawasiliano ya mkuu wa kitengo mweke kwenye nakala. Kitu kama hiki:

> Habari. Asante tena kwa mazungumzo ya Alhamisi. Nawajulisha kwamba nimepata ofa mahali pengine na natakiwa kujibu ifikapo Ijumaa wiki hii. Nafasi yenu ndiyo ninayoipendelea, kwa hiyo ningependa kujua uamuzi wenu unatarajiwa siku gani. Kama kuna uwezekano wa kunipa jibu au mwelekeo mapema, itanisaidia sana. Nikijua tarehe yenu, nitawaomba wenzenu waniongezee muda.

Hiyo sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Inawaonyesha kwamba huwawekei kisu shingoni, unatafuta njia ya kuwasubiri. Na usiandike "nafasi yenu ndiyo ninayoipendelea" kama si kweli, maana wakikupa utatakiwa kuisimamia.

Jibu la B litakuambia mengi. Wakijibu siku hiyohiyo na kuulizia mwisho wako ni saa ngapi, wanakutaka. Wakikaa kimya siku nzima, au wakaandika "tunaelewa ukiamua kuchukua ofa hiyo", hapo hauko juu kwenye orodha yao.

Fundi_Hesabu
Nakubaliana na mama kuhusu kuanza na B. Kuhusu kuwaambia A ukweli, mimi nina mashaka. Niliwahi kukaa upande wa meneja, na mtu akiniambia anasubiri sehemu nyingine, kichwani kwangu tayari nimeshasikia "wewe ni wa pili". Hata akija, nitamtazama kwa jicho hilo miezi ya mwanzo. Bora aseme anahitaji kuusoma mkataba vizuri na kuzungumza na familia. Ni sababu ya kweli kwa karibu kila mtu.

Mama_Utumishi
@Fundi_Hesabu kama ni ya kweli, sina neno. Ila ina ukomo wake. Mkataba wa kurasa nne hausomwi siku kumi. Ukiomba siku mbili, sababu hiyo inatosha. Ukiomba wiki nzima, afisa yeyote anajua kuna usaili mwingine, tena sasa anajua pia kwamba hukusema. Mimi niliowaongezea muda kwa moyo mweupe ni wale waliosema kwa sentensi moja: nina mchakato mwingine uliofika mwisho, watajibu siku fulani, nataka nikisaini niwe nimemaliza. Jina la kampuni hawakulitaja na mimi sikuliuliza.

Kitu kimoja tu naomba usifanye: kubuni mgonjwa au msiba. Uongo huo unakufuata hadi kazini.

Fundi_Hesabu
Hapo kwenye uongo tuko pamoja. Kwenye mengine nabaki na msimamo wangu, wewe mama ulikuwa utumishi, mimi nilikuwa ninayekwenda kufanya naye kazi. Tunasikia kitu kilekile kwa masikio tofauti.

Shamsa
Mimi naomba niseme kilichonipata, watu wajue hatari ipo. Niliomba kuongezewa muda kwa adabu zote, kesho yake asubuhi nikapata barua ya mistari miwili: ofa imeondolewa, tunakutakia kila la heri. Sijasaini, sijakataa, na tarehe yao ilikuwa bado haijafika! Tangu hapo mtu akiniuliza namwambia asiombe. Amua ndani ya muda uliopewa.

Mama_Utumishi
Pole sana Shamsa, hiyo inauma. Samahani kwa kuuliza: ujumbe wako uliomba muda peke yake?

Shamsa
Niliomba muda, na kwa kuwa nilikuwa naandika nikaomba pia waangalie mshahara na kama ningeweza kufanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Nikasema wakiweza hayo nitasaini mwisho wa wiki inayofuata. Ni maombi ya kawaida, kila mtu anayaomba. Bado naona walinionea.

Hati_na_Saini
Dada Shamsa, sitetei waliokuondolea ofa, barua ya mistari miwili bila maelezo si ustaarabu. Ila kisa chako kinagusa jambo ambalo Nuru inabidi alijue kabla hajaandika chochote.

Kwenye nchi zinazofuata misingi ya sheria ya mikataba ya Uingereza, ukijibu ofa kwa masharti mapya unahesabiwa umeikataa ile ya mwanzo na kuweka ya kwako mezani. Kesi inayotajwa siku zote ni Hyde v Wrench ya 1840. Mtu alitangaziwa shamba kwa pauni 1,000, akasema atatoa 950, akakataliwa, akarudi kusema basi nakubali 1,000. Mahakama ikamwambia hakuna tena cha kukubali, ofa ile aliiua mwenyewe pale alipotaja 950. Kuuliza tu ni jambo jingine. Stevenson v McLean ya 1880: mnunuzi wa chuma aliuliza kama anaweza kuletewa mzigo kwa awamu, na mahakama ikaona hilo lilikuwa swali, ofa bado ilikuwa hai.

Kwa lugha ya ofisini: "Je, mnaweza kuniongezea muda hadi Alhamisi?" ni swali. "Nitasaini mkinipa hadi Alhamisi na mkiongeza mshahara" ni masharti. Andika swali. Na mambo ya mshahara usiyachanganye kwenye ujumbe uleule, yape siku yake.

Kuhusu tarehe yao kuwa haijafika, hapo wengi wanashangaa. Kesi ya Dickinson v Dodds ya 1876: Dodds aliandika Jumatano kwamba anauza nyumba zake na ofa iko wazi hadi Ijumaa saa 3 asubuhi. Alhamisi akamuuzia mtu mwingine. Dickinson alikuwa ametulia akijua ana muda hadi Ijumaa, na alipokwenda mahakamani alishindwa, kwa sababu ahadi ya kuiacha ofa wazi hakuilipia chochote. Kwa hiyo tarehe kwenye barua inasema ofa inakufa lini ikiachwa, haisemi kwamba haiwezi kuondolewa kabla. Ujerumani ni tofauti, kule anayetoa ofa kwa kawaida anafungwa nayo mpaka muda wake upite. Angalia sheria ya ulipo.

Shamsa
Sikujua kuna tofauti hiyo. Lakini kuwa halali hakufanyi kuwa haki.

Hati_na_Saini
Hilo sibishi.

Nuru_M
Wakuu, nimerudi, leo Jumatano. Jana asubuhi saa 2 na nusu niliwaandikia B karibu kama mama alivyonielekeza. Afisa wao alinipigia jana jioni mwenyewe. Kasema kamati inakaa Jumanne ijayo mchana na majibu yatatoka Jumatano. Akaniuliza mwisho wangu ni lini, na akasema wadhamini wangu wawili wameshapigiwa simu. Hilo nilithibitisha, mmoja kaniambia ni kweli.

Sasa naandika kwa A. Rasimu yangu hii hapa, naomba mnikosoe:

> Habari za kazi. Naomba radhi sana kwa usumbufu huu. Najua mna mambo mengi na sitaki kuonekana sina shukrani, nimefurahi mno kupata ofa hii na ni heshima kubwa kwangu. Kutokana na sababu zisizozuilika, naomba kama itawezekana na kama haitawasumbua mniongezee muda kidogo wa kutafakari. Nitashukuru kwa lolote mtakaloamua. Samahani tena.

Mama_Utumishi
Nuru, una adabu nzuri, lakini ukiondoa samahani zote hapo hakuna kinachobaki. Mimi nikipokea hii sijui unaomba nini. Muda kidogo ni hadi lini? "Sababu zisizozuilika" inanifanya nifikirie ugonjwa au kesi. Na "nitashukuru kwa lolote mtakaloamua" umeshanikabidhi jibu la hapana.

Tarehe kwanza. B wanatoa majibu Jumatano, basi usiombe Jumatano, omba Alhamisi saa 6 mchana. Kamati huchelewa, mwenyekiti hupata dharura, na wewe hutaki kurudi kuomba mara ya pili kwa saa chache. Hiyo ni siku nne za kazi juu ya walizokupa, ni ombi la kawaida kabisa.

Pili, wape kitu cha kushikilia. Tarehe yako ya kuanza kazi kwao ni lini?

Nuru_M
Tarehe 1 ya mwezi unaofuata baada ya mkataba wangu kuisha. Ipo kwenye barua yao.

Mama_Utumishi
Basi hapo ndipo nguvu yako ilipo. Wewe kusaini Ijumaa au Alhamisi inayofuata hakubadilishi siku utakayokaa kwenye kiti. Waambie hivyo. Ningeandika hivi:

> Habari za kazi. Asante kwa ofa na kwa maelezo ya simu ya Jumatatu. Nimeisoma barua yote na nafasi inanivutia, hasa kazi ya kujenga mfumo mpya wa taarifa za wateja mliyonieleza.
>
> Nina mchakato mwingine wa ajira uliofika hatua ya mwisho, na majibu yake yatatoka Jumatano ijayo. Ningependa nikisaini kwenu niwe nimemaliza mambo yote. Je, mnaweza kuniongezea muda wa kujibu kutoka Ijumaa hii hadi Alhamisi ijayo, saa 6 mchana? Tarehe ya kuanza kazi iliyo kwenye barua haitabadilika.
>
> Kama tarehe hiyo ni ngumu kwenu, naomba mnijulishe ni ipi inayowezekana.

Huo mstari wa mwisho usiuache. Bila huo, jibu lao ni ndiyo au hapana. Ukiwa nao, anayetaka kusema hapana ana njia ya kusema "basi Jumatatu".

Kabla hujatuma, mpigie afisa wao. Dakika tatu zinatosha: "Nakutumia ombi dogo la muda, nimeona vyema nikuambie kwanza." Sauti inabeba nia njema ambayo maandishi hayaibebi. Kisha tuma hapohapo, ili iwe kwenye rekodi. Na utume leo. Ombi linalofika Jumatano linasomwa kama mipango. Likifika Ijumaa saa 10 jioni, meneja anaona mtu anayemkwepa.

Hati_na_Saini
Na wakikubali kwa simu, jibu kwa maandishi siku hiyohiyo: "Asante kwa kunithibitishia kwamba naweza kujibu hadi Alhamisi saa 6 mchana." Barua yao bado inasema Ijumaa, na aliyekukubalia kwa simu anaweza asiwe ofisini Ijumaa hiyo.

Fundi_Hesabu
Ile rasimu ya mama ningeondoa "mchakato mwingine wa ajira" nikaweka "jambo ninalosubiri kukamilika Jumatano". Maana ileile bila kumchoma mtu. Ila hapo pa tarehe ya kuanza pako sawa sana. Meneja hilo ndilo analolala nalo.

Nuru_M
Alhamisi jioni. Nilipiga, nikatuma, nikaacha maneno ya mama kama yalivyo kwa sababu sikutaka kuzungukazunguka. Afisa wa A alinisikiliza vizuri, hakukasirika hata kidogo. Leo mchana wamejibu: wanaweza kunipa hadi Jumatatu saa 6 mchana, zaidi ya hapo hawawezi kwa sababu meneja anasafiri Jumanne na anataka jambo liishe kabla.

Kwa hiyo nimepungukiwa siku mbili. Niombe tena?

Jabali
Ndiyo maana nilisema saini. Sasa umepewa Jumatatu, B Jumatano. Saini A Jumatatu, Jumatano B wakikuita unaamua.

Mama_Utumishi
Usiombe tena kwa A. Umewaomba tarehe, wamekupa yao na wamekupa sababu inayoeleweka. Ukirudi, unakuwa mtu anayesogeza mstari kila ukichorwa. Thibitisha Jumatatu kwa maandishi, washukuru.

Ombi la pili linakwenda kwa B. Lakini usiwaombe wasogeze kamati, hiyo ni watu wengi na hawataweza. Omba kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukupa: "Nimeongezewa muda hadi Jumatatu saa 6 mchana, na hautaongezwa tena. Naelewa kamati inakaa Jumanne. Je, kabla ya hapo inawezekana kujua kama mkuu wa kitengo ananipendekeza?" Kwenye ofisi nyingi pendekezo la mkuu wa kitengo huwa limeshaandikwa siku kadhaa kabla ya kikao. Afisa hatakupa ahadi, ila anaweza kukupa mwelekeo.

Na Jabali, nikujibu vizuri maana hoja yako ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba kipindi cha majaribio notisi yake mara nyingi ni fupi, na ni kweli mtu ana haki ya kuacha kazi. Lakini ukisaini Jumatatu na kujiondoa Jumatano, A wameshamwambia yule wa pili kwamba amekosa. Umewaharibia wawili kwa mpigo. Na fani nyingi watu wanajuana: yule afisa mwaka kesho yuko kampuni nyingine na jina lako analikumbuka.

Jabali
Mama nakuheshimu, lakini huyo wa pili kampuni ndiyo iliyomficha, si Nuru. Mtu asiye na akiba hawezi kuacha ofa mkononi kwa ajili ya jina. Mimi nasema asome mkataba, aone kujitoa kabla ya kuanza kunagharimu nini, aamue.

Hati_na_Saini
Kusoma mkataba, Jabali yuko sahihi. Nuru, tafuta vitu viwili: notisi inaanza kuhesabiwa lini, unaposaini au unapoanza kazi, na kama kuna kipengele cha kurudisha gharama za mafunzo au za kuhama. Na hata B wakikupa mwelekeo mzuri kwa simu, kumbuka hiyo bado si ofa. Pendekezo linaweza kukwama kwenye bajeti au kwa mwenyekiti.

Nuru_M
Nimesoma. Notisi kipindi cha majaribio ni wiki mbili, inahesabiwa kuanzia siku ya kwanza kazini. Gharama za kurudisha hakuna. Ila sijioni nikisaini huku nimepanga kukimbia.

Kwa B nimeandika sasa hivi.

Nuru_M
Jumatatu, saa 5 asubuhi. Ijumaa jioni afisa wa B alinipigia. Alikuwa mkweli: wamebaki watu watatu, wote wamepigiwa wadhamini, mkuu wa kitengo amewapendekeza wawili na mimi nimo. Zaidi ya hapo hawezi kusema.

Nilikaa nalo Jumamosi yote na dada yangu. Tulichofanya ni kujiuliza swali moja: kama B wasingekuwepo kabisa, ningeikubali A kwa furaha? Jibu lilikuwa ndiyo bila kusita. Na mmoja kati ya wawili si kitu cha kuachia kazi wakati mkataba wangu unaisha. Nimesaini A nusu saa iliyopita, nimepata uthibitisho kwamba wameipokea.

B niwaandikie leo, au nisubiri Jumatano nione wangesemaje?

Mama_Utumishi
Leo, tena kabla ya saa 8 mchana. Kamati inakaa kesho. Wakikupigia kura wewe wakati umeshasaini kwingine, yule mwenzako wa pili anaweza kuambiwa amekosa bure. Andika mistari minne: umekubali ofa nyingine kwa sababu ya muda, unajiondoa, unawashukuru kwa uwazi wao, na ungependa wakukumbuke nafasi ikitokea tena. Mtaje huyo afisa kwa jina, alikutendea vyema.

Fundi_Hesabu
Mimi ningesubiri Jumatano. Wakikuchagua ungekuwa na kitu cha kufikiria, na bado hujaanza kazi A.

Nuru_M
@Fundi_Hesabu nimekuelewa kaka, lakini nimeshatuma. Afisa amejibu papo hapo, kasema amesikitika na faili langu litabaki kwao.

Shamsa
Nimefuatilia uzi huu tangu Jumatatu. Nimefurahi angalau wewe hawakukuondolea.

Kiza_Kinene
Samahani kuingilia, naona mnajua mambo haya. Mimi nimepewa saa 24 tu, nimepokea leo saa 9 alasiri, na sehemu nyingine usaili wa mwisho ni keshokutwa. Niandike vilevile kama Nuru?

Mama_Utumishi
Hapana, saa 24 hazitoshi kuandikiana. Piga simu kwa A sasa hivi kabla hawajafunga ofisi, na omba hadi lini hasa: mwisho wa siku ya kazi inayofuata usaili wako, basi. Sambamba, waulize wale wengine kama wanaweza kukusaili kesho asubuhi. Kumsogeza mtu mmoja kwenye ratiba ya usaili ni rahisi kuliko kusogeza kikao. Na wakikukatalia kwa A, waulize kwa nini ni saa 24, kisha sikiliza vizuri sababu watakayokupa. Anayejaza nafasi ya mtu aliyeondoka ghafla atakueleza bila shida. Asiye na maelezo kabisa, uliza pia nafasi hiyo imekaa na watu wangapi miaka miwili hii. Rudi utuambie walichosema.